Lipa baadaye, daftari au kudunduliza: ipi inamlipa mwenye duka?

MamaSimu_Majengo: Wakuu, nina duka la simu hapa Majengo, Dodoma, na oda nyingine napokea mtandaoni. Kampuni moja inataka niweke kitufe cha "lipa baadaye" kwenye ukurasa wa malipo, mteja achukue simu leo alipe mara nne. Wao watakata asilimia 5. Kwa sasa ninaowafahamu nawaandika daftarini, wengine wanadunduliza mpaka bei itimie ndipo wachukue. Ipi inanifaa?

KijanaWaMpwapwa: Dada, asilimia 5 ni ndogo. Ila pesa utaipata vipande vipande kadiri mteja anavyolipa, na riba anabeba yeye.

Mhasibu_Nkuhungu: Hapana kaka, vipande ni vya mteja na kampuni. Mteja akibofya, wanamkagua papo hapo. Wakimkubali, simu ya 480,000 anaitolea 120,000 leo, kisha 120,000 kila baada ya wiki mbili, anamaliza wiki ya sita. Dada hasubiri hizo wiki. Kampuni inamlipa kwa mkupuo, kwa kawaida ndani ya siku chache, ikiwa imekata 24,000, kwa hiyo anapokea 456,000. Mteja akiingia mitini, hasara ni ya kampuni. Daftari halikupi hilo. Riba huja kwenye mipango ya miezi mingi. Kwenye awamu nne, anayelipa kwa wakati kwa kawaida haongezewi kitu, akichelewa ndipo faini.

Tatizo liko hapa: wanakata kwenye bei, si kwenye faida. Kama simu uliinunua 440,000, faida yako ni 40,000. Toa 24,000, umebaki na 16,000. Kwenye kava na spika, ambako faida ni nono, makato hayo utayavumilia.

Cherehani_Kondoa: Mimi nilitoa kianzio, nalipia kila siku, nikichelewa simu inajifunga. Ndiyo hiyo?

Mhasibu_Nkuhungu: Hiyo nyingine, dhamana ni simu yenyewe.

MamaSimu_Majengo: Na mteja akirudisha simu?

Mhasibu_Nkuhungu: Usimpe taslimu mkononi, maana kwa kampuni deni lake litaendelea kusoma. Ingiza marejesho kwenye mfumo wao. Watafuta awamu zilizobaki, watamrudishia alizolipa, na wewe utakatwa kwenye malipo yako yajayo. Soma mkataba kuhusu ile 24,000. Wapo wasioirudisha, yaani utakatwa 480,000 nzima wakati ulipokea 456,000.

KijanaWaMpwapwa: Basi atakayebofya lipa baadaye apandishiwe bei.

Mhasibu_Nkuhungu: Mikataba mingi inakataza hilo. Ukipandisha, pandishia wote, na wa taslimu watahamia duka la jirani.

KijanaWaMpwapwa: Jirani naye akiweka kitufe hicho, je?

MamaSimu_Majengo: Nitaanza na kava, spika na simu zenye faida kubwa. Walimu wangu wa daftari wanabaki, hao hawajawahi kunisumbua. Wanaodunduliza pia sitawagusa, simu inakaa kwangu mpaka watimize. Hicho kifungu cha marejesho nakiulizia kesho kabla sijasaini.