Kikundi cha Familia: soketi ya barazani na mvua ya Tanga

Mwana: Asalaam aleikum wote. Jamani umeme umekata hapa kwa bibi toka alfajiri, nyumba za jirani wanao. Mvua ya jana ilikuwa na upepo ikapiga barazani mpaka mlangoni, sasa ile RCD kwenye meni swichi nikiipandisha inashuka papo hapo. Friji limejaa samaki wa watu

Shangazi Zuhura: Waaleikum salaam mwanangu. Angalieni luku isije ikawa imekwisha, mimi huwa inaniumbua hivyohivyo usiku

Mwana: Shikamoo shangazi. Luku ipo, taa ya mita inawaka vizuri tu

Shangazi Zuhura: Marahaba. Basi shetani wa mvua huyo 😂

Ba Mdogo Idi: Ni ile soketi ya cherehani ya barazani hiyo. Shusha breka yake peke yake halafu pandisha RCD, kesi imeisha

Mwana: Nimefanya hivyo ba mdogo! Nimeshusha ya barazani, RCD ikakaa, nikashukuru Mungu, friji likaanza kunguruma na RCD ikaanguka tena. Nikichomoa friji inakaa. Sasa ni soketi au ni friji bovu?

Ba Mdogo Idi: Friji hilo. Kompresa imeanza kuvujisha

Kaka Salim (Mombasa): Ngojeni msinunue friji 😅 Mwana, friji lilikuwa na shida yoyote kabla ya mvua?

Mwana: Hapana kaka

Kaka Salim: Basi bado ni soketi. Breka ya kawaida hapo inakata laivu peke yake, nyutro ya barazani imebaki imeungana na nyutro ya nyumba nzima. Sasa kama ndani ya ile soketi kuna maji yamegusa nyutro na athi, friji likivuta stima inarudi kwa nyutro, kidogo inachepukia kwa yale maji inaenda ardhini bila kupita RCD. RCD kazi yake ni kulinganisha iliyotoka na iliyorudi, ikiona pungufu inakata. Ndio maana bila mzigo inakaa na friji likiamka inaanguka

Ba Mdogo Idi: Hiyo RCD yenyewe ni nyepesi mno, 30 mA ni nini? Mnunue ya 100 mA mtulie, au friji liunganishwe kabla ya RCD

Kaka Salim: Ba mdogo kwa heshima, hapana. Hiyo 30 ndiyo inamlinda bibi akishika cherehani na miguu imelowa. Ya 100 inalinda nyumba isiungue, mtu hailindi. Na friji lina bodi ya chuma, likivuja nani atakata?

Ba Mdogo Idi: Sisi tumekulia kwenye nyumba zenye fyuzi za waya na hatujafa

Shangazi Zuhura: Marehemu babu yenu alirushwa na pasi mpaka ukutani Idi usisahau

Kaka Salim: Jumaa yuko hapo?

Jumaa: Nipo kaka. Nina testa na bisibisi

Kaka Salim: Sikiza vizuri. Meni swichi usiifungue, kuna waya za kutoka mita zinabaki na moto hata ukizima kila kitu. Zima meni yote, mwambie mtu asimame hapo asiguse mtu. Testa kwanza ijaribu kwenye soketi inayofanya kazi kabla hujazima ujue ni nzima. Halafu ndio ufungue ya barazani, uniletee picha kabla hujagusa waya wowote

Jumaa: [picha]

Jumaa: Kaka maji yamesimama humu kama kikombe. Skrubu ya nyutro ina kijani, na kuna ukoko mweupe umetoka pale mpaka kwenye athi

Kaka Salim: Huo ukoko mweupe ni chumvi, na ile kijani ni kutu ya shaba. Hapo ni karibu na bahari, upepo wa kusi unaleta mvua pamoja na chumvi, maji ya hivyo yanapitisha stima kuliko maji ya bomba. Sasa toa zile waya tatu, zikaushe, kila moja itie kwenye konekta yake peke yake na tepu juu, zisigusane. Soketi weka kando. Rudisha meni, breka ya barazani ibaki chini

Mwana: IMEKAA 🙌 na friji linanguruma

Kaka Salim: Liachieni lijizime na kuwaka tena kisha mniambie. Likikaa inamaanisha waya wa ukutani ni mzima kiasi, ubovu ulikuwa kwa boksi

Mwana: Lakini kaka ile soketi ni ya nje kabisa, imeandikwa IP66, fundi alituuzia kwa bei ya kuumiza, maji yaliingia wapi?

Kaka Salim: IP66 ni ya boksi likiwa limefungwa na matundu yote yamezibwa inavyotakiwa. Ukilitoboa juu ukaingiza paipu bila glendi hiyo namba ni maandishi tu. Jumaa piga picha ya paipu inavyoingia

Jumaa: [picha] Inatoka darini inashuka ukutani inaingia kwa juu ya boksi

Kaka Salim: Haya, hiyo paipu ni mfereji. Bati likivuja kidogo huko juu, au mvuke ukiganda ndani ya paipu usiku, matone yote yanateremka moja kwa moja mpaka kwenye skrubu. Na ukitazama hiyo picha silikoni imezunguka boksi pande zote nne, yaliyoingia hayana pa kutokea

Ba Mdogo Idi: Silikoni nilipaka mimi mwaka jana na ilifanya kazi, kabla yake maji yalikuwa yanapita nyuma ya boksi. Nyie mnataka maji yaingie?

Kaka Salim: Juu na pembeni uko sawa kabisa ba mdogo, pale ndipo maji ya ukutani yanapoteremkia. Chini ndipo paachwe wazi, kilichopita nyuma kitoke. Halafu mengi ya haya maboksi yana alama kwa chini ya kutoboa kishimo, drili ya milimita 5 hivi, kwa ajili ya jasho la ndani. Watu hawakitoboi wakidhani wanaharibu

Ba Mdogo Idi: Kishimo hicho mdudu akiingia je? Sisimizi wa Tanga unawajua wewe

Kaka Salim: Wanaingia kweli 😄 Hotelini tulikuwa tunakutana na viota. Unakagua mara moja moja. Sisimizi ni afadhali kuliko bwawa

Mwana: Fundi anakuja kesho, nimwambie nini? Maana akija atataka kufunga nyingine palepale

Kaka Salim: Kwanza isirudi palepale. Hiyo iko upande wa reli ya baraza, mvua ya upepo inaifikia moja kwa moja. Ihamie ukuta wa kando ya mlango chini ya paa, kimo cha kiuno au juu kidogo, michirizi ya sakafuni isiifikie. Waya uingie kwa chini na glendi iliyokazwa ikashika ganda la waya, au utoboe ukuta uingie kwa nyuma kutoka chumbani, hiyo ndiyo safi zaidi. Akilazimika kushuka na waya kutoka juu basi aupitishe chini ya boksi kwanza uache tumbo, ndio upande kuingia, maji yadondokee pale kwenye tumbo. Waya wa cherehani pia uning'inie hivyohivyo

Mwana: Sawa

Kaka Salim: Na zile skrubu za kushika boksi ukutani, akitoboa ndani ya boksi kila tundu ni njia ya maji, aweke wosha za mpira. Silikoni msinunue ile inayonuka siki, moshi wake unakula shaba. Iko nyingine haina harufu hiyo

Shangazi Zuhura: Salim baba na mimi shawa yangu ya umeme huku Muheza nikioga inakata ikikolea moto, ni mvua pia?

Kaka Salim: Shikamoo shangazi. Ikianguka ni RCD au breka?

Shangazi Zuhura: Marahaba. Mimi najua? Kinaanguka kile kidude

Kaka Salim: Chenye kitufe kimeandikwa T au hakina?

Shangazi Zuhura: Ngoja mjukuu atoke shule aniangalizie

Jumaa: Kaka kifuniko cha hii ya zamani kilikuwa hakifungi plagi ikiwa ndani, bibi alikuwa anakiacha kimeinuka

Kaka Salim: Alaa! Umesema jambo. Kuna zile za kifuniko bapa, zinakinga maji plagi ikiwa nje tu. Bibi anashona mvua inanyesha, kwa hiyo chukueni ya kifuniko kirefu kinachofunga juu ya plagi na waya unapita kwa chini. Nendeni dukani na plagi ya cherehani yenyewe, ile kubwa ya pini tatu, mfunge mbele ya muuzaji. Mpira wa ukingoni ukae kwenye mfereji wake, ukijikunja mahali pamoja tu maji yanaingia hapo

Mwana: Na tutajuaje imefungwa vizuri kabla ya mvua nyingine?

Kaka Salim: Meni ikiwa imezimwa, mwagieni na mpira wa bustani kutoka juu kama mvua, dakika kumi hivi, halafu fungueni mtazame ndani. Tone moja tu ni kosa. Kisha fundi apime waya na mega, ile mita ya kupima waya kama unavujisha, kwa volti 500, vitu vyote vimechomolewa, isomeke megaomu 1 kwenda juu. Waya mpya mkavu utasoma mbali zaidi ya hapo. Kwa kulinganisha, RCD yenu kwa volti 230 inakata laivu ikivujia athi kwenye omu 7,700 hivi, na kawaida hukata hata kabla, kwa hiyo ikisoma kiloomu hamsini leo itashikilia kiangazi na masika mtanipigia

Mwana: Huyu fundi sidhani kama ana mega, ana ile mita ya kawaida

Kaka Salim: Ya kawaida ina betri ndogo, haioni unyevu mdogo. Aazime

Ba Mdogo Idi: Mimi nasema soketi ya barazani ipate RCD yake peke yake, ikianguka iangukie huko, samaki wasioze

Kaka Salim: Hapo nakuunga mkono ba mdogo. Ile iliyounganishwa na breka yake ndani kwa ndani, lakini laivu na nyutro za barazani lazima zote ziingie kwenye hicho kidude chake na ziondolewe kwenye ile RCD kubwa, la sivyo zote mbili zitaanguka kama leo. Je nafasi ipo kwenye hiyo meni swichi?

Jumaa: Matundu yamejaa yote

Ba Mdogo Idi: Basi wabadilishe boksi

Mwana: Kwa pesa ya nani ba mdogo? 😂 Bibi anasema atashonea sebuleni mpaka mwezi ujao

Kaka Salim: Friji limewaka tena mara ya pili?

Mwana: Limewaka, RCD imekaa. Bibi anauliza lile boksi la zamani linaweza kufugia mche wa mrehani

Shangazi Zuhura: Kina T. Mjukuu anasema kina T