Outline ya Word ikiingia PowerPoint imevurugika, viwango virekebishwe wapi?

Karani wa Chama, Kibosho
Habari za jioni wadau. Nina ripoti ya mwaka ya AMCOS yetu ya kahawa, nimeiingiza PowerPoint kwa Home, New Slide, halafu Slides from Outline, zikaja slaidi 63, kila moja ina kichwa tu na chini hamna kitu. Mkutano mkuu ni Jumamosi. Ofisini tumegawanyika, mwenzangu anasema turudi Word tupange vichwa upya, mimi naona nimalizie humuhumu PowerPoint. Nyie mnasemaje?

Binti Sakina
Rudi Word kaka, usijitese. Ukishapanga vichwa kule kwenye Word, slaidi zinajipanga zenyewe, mi ndo navyofanya kazini kila robo mwaka.

Fundi wa Stesheneri, Majengo Moshi
Dada hapo umepatia nusu. Kurudi Word ni sawa kabisa, ila slaidi hazijipangi zenyewe, maana baada ya kuingiza hakuna kamba inayounganisha yale mafaili mawili. Ukibadilisha Word inabidi ufute slaidi zilizokuja mwanzo uingize tena, na kama ulishaanza kuweka picha au kuandika maelezo ya msemaji basi vyote vinaondoka nazo. Ndo maana suala la wapi kwanza lina uzito.

Karani, nikuulize, kwenye Word vichwa vyote umevipa Heading 1?

Karani wa Chama, Kibosho
Ndiyo. Nilipenda ukubwa wake. Kuna sehemu kuu 6 (mapato, ubora, miche, mikopo n.k.), ndani yake vichwa vidogo 17, halafu hoja 40 ambazo nilizipiga italic ili zionekane tofauti.

Fundi wa Stesheneri, Majengo Moshi
6 na 17 na 40 ni 63, umeona, haijavurugika bahati mbaya, imefuata ulichoiambia. PowerPoint haiangalii ukubwa wala italic, inaangalia staili tu. Heading 1 inakuwa kichwa cha slaidi, Heading 2 inakuwa nukta ya kwanza, Heading 3 inaingia ndani zaidi, na aya za kawaida zilizo chini ya vichwa inaziacha kabisa.

Sasa wengi wanakosea hapa, wakirudi Word wanapanga kama kitabu, sehemu kuu Heading 1, vichwa vidogo Heading 2, hoja Heading 3. Kwa ripoti ya kusoma ni safi. Kwa slaidi utapata slaidi 6 tu, na mistari 57 imegawanywa humo, wastani mistari tisa kumi kila slaidi, mzee aliyekaa nyuma ya ukumbi hasomi kitu. Kiwango cha ripoti sio kiwango cha slaidi. Kwako wewe slaidi moja ni kile kichwa kidogo.

Kwa hiyo tengeneza nakala ya ripoti, ile ya asili usiiguse. Kwenye nakala acha sehemu kuu na vichwa vidogo vyote viwe Heading 1 kama vilivyo, shusha zile hoja 40 tu. Bofya hoja moja ya italic, nenda Home, Select, chagua Select Text with Similar Formatting, zikishashikwa zote bonyeza Ctrl+Alt+2. Kabla ya kuingiza washa Navigation Pane kwenye View, zile 40 zionekane zimesogea kulia na zile 23 zimebaki ukingoni, kuna iliyokaa vibaya utaiona hapohapo. Seva, funga faili la Word maana likiwa wazi PowerPoint inaweza kugoma kulisoma, halafu ingiza. Zitakuja slaidi 23.

Mwalimu wa Njiro
Samahani, mimi yangu ilikuwa kinyume, notsi za kidato cha pili nilikoleza vichwa kwa bold tu, hakuna Heading hata moja, nikaingiza kila aya ikawa slaidi yake, aya nzima imejazana juu kwenye kichwa. Nikasema bora niandike upya na nikaandika upya kweli. Na bado naamini hivyo, ripoti imeandikwa isomwe, slaidi zinaandikwa zisikilizwe, kuhamisha tu kunamfanya mtu asome ukutani mwanzo mwisho huku wanachama wanasinzia.

Karani wa Chama, Kibosho
Mwalimu nakuelewa ila nina siku tatu na mizani ya kupokea kahawa ni mimi huyohuyo.

Mama Upendo, Arusha
Mimi nasimama na karani, PowerPoint inatosha. Fungua View, Outline View, maandishi yote yanajipanga kushoto, weka kursa mwanzo wa mstari, Tab inashusha, Shift+Tab inapandisha. Nilishafanya na slaidi 30 za kikundi chetu cha akiba.

Ila niseme ukweli kuna siku nilipata hasara. Nilishusha kichwa cha slaidi yenye picha ya mradi wa kuku, ile slaidi ikameza ndani ya iliyotangulia ikawa nukta yake, picha ikapotea na maelezo niliyoandika chini yakaenda. Niligundua kesho yake, Ctrl+Z haipo tena.

Fundi wa Stesheneri, Majengo Moshi
Pole mama, na ndo sababu nasema zile 40 zisishushwe kule. Kichwa ukikishusha slaidi yake inakufa, kwa karani ingekuwa slaidi 40 kuuawa moja moja. Lakini mama ana haki kwa kazi nyingine: slaidi iliyojaa, weka kursa kwenye nukta unayotaka ianzishe slaidi mpya, Shift+Tab, inakuwa kichwa na nukta zote zilizo chini yake zinaifuata. Kugawa hivyo Word huwezi kujua pa kugawa mpaka uone slaidi imejaaje.

Binti Sakina
Na ile rangi ya bluu na fonti za Word zinazokuja nazo?

Fundi wa Stesheneri, Majengo Moshi
Shika slaidi zote kushoto kwa Ctrl+A, bonyeza Reset hapo Home, zinavaa mavazi ya template. Ifanye mapema, maana rangi ulizoweka kwa mkono nazo inazifuta. Viwango haivigusi.

Karani wa Chama, Kibosho
Nimerudi. Zimekuja 24, sio 23. Moja haina kitu, nimeangalia Word kuna mstari mtupu wenye Heading 1, niliuongeza bila kujua nikiwa kwenye nakala. Nimeufuta kule nikaingiza tena, 23 kamili, sikuwa nimeweka picha bado. Slaidi moja ndani ya sehemu ya mikopo ilikuwa na nukta saba nikaigawa kwa Shift+Tab kama mlivyosema.

Shida iliyobaki ni jedwali la bei za mbuni kwa kilo, halikuja kabisa, na ndilo wanachama wanaloliulizia.

Fundi wa Stesheneri, Majengo Moshi
Majedwali na picha haviingii kwa njia hii. Nakili toka Word ubandike mwenyewe, ila safu zikizidi nne tano punguza.

Mwalimu wa Njiro
Hapo ndo hoja yangu. Kilichoachwa nje ndicho wanachokuja kusikiliza.

Mama Upendo, Arusha
Mwalimu, jedwali moja anabandika dakika mbili, zile 23 nyingine angeziandika saa ngapi?

Mwalimu wa Njiro
Angeandika nane, na zingetosha.

Karani wa Chama, Kibosho
Nimebandika jedwali, nimebakiza msimu huu na uliopita tu. Kuhusu nane, kesho nakaa na mwenyekiti tuone zile sehemu kuu 6 zisizo na nukta kama zinahitajika.