Naomba ushauri: dawa ya kikohozi isiyo na kodeini inaweza kulaza mtu?

Kijana wa Changamwe: Asalaam aleikum. Nina kikohozi na mafua, nami nimenunua dawa ya maji ambayo lebo yake haitaji kodeini popote. Hata hivyo, kila ninapoinywa kichwa huwa kizito. Je, nikiiteremshia kahawa chungu nitaweza kuendelea na kazi?

Baba Swaleh: Kama haina kodeini, usijitie wasiwasi. Kodeini ndiyo inayolaza watu.

Mama wa Kisauni: Mimi niliacha dawa za chupa tangu mume wangu alipolala kwenye matatu akapitishwa kituo. Chemsha tangawizi, ukamulie ndimu, utie asali.

Mfamasia wa Likoni: Baba Swaleh, kodeini hulaza kweli, lakini haiko peke yake. Kijana, usiangalie maandishi makubwa ya mbele. Geuza chupa usome pale panapoeleza kila mililita 5 zina nini, kisha utuambie unafanya kazi gani na kama kuna dawa nyingine unayomeza.

Kijana wa Changamwe: Imeandikwa difenhidramini miligramu 14 na amoni kloridi. Ninaendesha foklifti ghalani, shifti ya usiku. Kabla ya kazi humeza pia tembe ya klofeniramini ya miligramu 4, lakini hiyo ni ya mafua, si ya kikohozi. Usiku wa leo nimeshamwahidi msimamizi kwamba nitafika.

Mpekuzi: Uzi huu umetungwa. Mwendesha mashine gani anayesubiri kuulizwa ndipo aitaje mashine? Huyu anataka tumtajie chupa zenye kodeini.

Mfamasia wa Likoni: Hata kama umetungwa, wapo wanaomeza hivyo hivyo. Dozi ya mililita 10 inakupa difenhidramini miligramu 28, na dawa hiyo hiyo, kwa miligramu 25 hadi 50, huuzwa kama tembe za usingizi. Klofeniramini ni ya jamii moja nayo, kwa hiyo unajilaza mara mbili, ingawa chupa moja imeandikwa kikohozi na pakiti nyingine mafua. Uzito wake unaweza kukaa hadi siku ya pili. Kahawa itakufumbua macho, lakini haitakurudishia wepesi wa kukanyaga breki. Onyo la usingizi na mashine mara nyingi liko kwa herufi ndogo chini ya maelezo ya dozi. Ukilikuta kwenye moja kati ya hizo mbili, usipande foklifti.

Kijana wa Changamwe: Lakini mizigo yenyewe ni mepesi, Bi Mfamasia. Je, nikibadilisha nimeze setirizini?

Mfamasia wa Likoni: Setirizini hulaza watu wachache zaidi, ila huwezi kujua kama wewe ni mmoja wao mpaka uijaribu siku ya mapumziko. Loratadini huwa nyepesi zaidi. Zote mbili ni za mafua ya mzio. Kikohozi chako hazitakigusa, na dawa uliyokunywa leo bado imo mwilini.

Baba Swaleh: Mpigie msimamizi sasa hivi, mwanangu, akupe kazi ya kuhesabu mizigo.

Kijana wa Changamwe: Nitampigia baada ya Magharibi. Sijui atasemaje.