Mnakata rekodi ya saa 3 ncha kwa ncha, halafu mnatuletea maneno ambayo mtu hakuyasema!

Mnukuzi_wa_Vikao: Wakuu, nimekasirika na sifichi. Nimeletewa nakala ya kikao cha usuluhishi cha saa 3 niihariri. Aliyeiandaa aliikata rekodi vipande 18 vya dakika 10, kila kimoja kikianzia pale pale mwenzake alipoishia, akavipitisha kwenye programu ya kunukuu, akaunganisha maandishi, akaondoka.

Kwenye dakika ya 140 nikasoma: "Nitasaini hiyo karatasi." Nikashtuka, kwa sababu mama huyo alikuwa amekataa kikao kizima. Nikafungua sauti yenyewe. Alisema "Sitasaini." Mkato ulipita katikati ya neno: "si" ikabaki mkiani mwa kipande cha 14 na programu ikaiacha kama kelele, kipande cha 15 kikaanza na "tasaini", programu ikabuni "Nitasaini".

Kiswahili chetu ukanushi unakaa mwanzoni mwa kitenzi. Ukikata hapo umegeuza kauli ya mtu, na sentensi inabaki sanifu kabisa, hakuna atakayeishtukia kwa kusoma tu. Nimesikiliza mikato yote 17, na 11 imeharibika. Hivi kupandanisha vipande kama mabati ya paa kuna ugumu gani?

Kipaza: Pole mkuu. Mimi faili langu linagoma kupakia, linasema ni kubwa mno. Nikipunguza ubora wa sauti litakubali?

Mnukuzi_wa_Vikao: Ndugu, hilo ni suala jingine, tafadhali lifungulie uzi wake.

Jongoo77: Mnajisumbua. Kata kwenye ukimya tu. ffmpeg ina `silencedetect`, inakuonyesha mtu aliponyamaza. Ukikata hapo hakuna neno linalokatika, na hakuna haja ya kupandanisha chochote.

Fundi_Sauti: Jongoo, hiyo inafaa kwa hotuba ya mtu mmoja. Kwenye usuluhishi watu wanadakizana, unaweza kupita dakika kadhaa bila ukimya wa nusu sekunde. Halafu feni au kiyoyozi kikiunguruma, kipimo chako cha ukimya hakishiki kitu.

Mleta uzi, hesabu ni hii. Kipande sekunde 600, mpandano sekunde 20, kwa hiyo kila kipande kinaanza sekunde 580 baada ya mwenzake. Rekodi ya sekunde 10800 inatoa vipande 19 badala ya 18. Sauti inayorudiwa ni dakika 6 tu kwa jumla. Cha pili kinakatwa hivi:

```
ffmpeg -ss 580 -t 600 -i kikao.wav -ac 1 -ar 16000 k02.wav
```

Ile dakika yako ya 140 ni sekunde ya 8400. Kwa mpangilio huu inaangukia ndani kabisa ya kipande cha 15, kinachoanzia 8120 na kuishia 8720. "Sitasaini" inasikika nzima.

Jongoo77: Sawa, lakini sasa sekunde 20 zinaandikwa mara mbili. Nitafuta sentensi zinazojirudia, basi.

Fundi_Sauti: Usifanye hivyo! Mtu aliyesema "hapana, hapana" utamwachia "hapana" moja. Fuata saa, usifute kwa kufanana. Kila neno liwe na muda wake, ujumlishe na mwanzo wa kipande: neno la sekunde ya 12 kwenye kipande cha pili ni la 592 kwenye rekodi. Kisha funga mshono katikati ya mpandano, kwenye 590. Ya kabla ya hapo chukua kutoka kipande cha kwanza, ya baada yake kutoka cha pili. Kingo za kipande ndizo zenye makosa mengi, maana programu haijui kilichotangulia wala kinachofuata.

Saa za vipande viwili zinaweza kupishana kidogo, neno la mshononi likaja mara mbili au likapotea. Kwa hiyo tafuta maneno matatu au manne yanayolingana pande zote karibu na 590, ushone hapo. Yasipolingana popote, weka alama na usikilize kwa masikio yako.

Bi_Nukta: Na wasemaji je? Kwangu kila kipande kinaanza kuwahesabu upya. Msemaji 1 wa hapa ni Msemaji 2 wa kule.

Fundi_Sauti: Mpandano unasaidia iwapo wote wamesema ndani ya zile sekunde 20. Kama amesema mmoja tu, mwingine huna pa kumlinganishia. Mimi hapo bado nawataja kwa kusikiliza.

Mnukuzi_wa_Vikao: Asante Fundi, nakata upya usiku huu. Ila aliyenipa kazi kanitumia pia nakala za vikao viwili vya nyuma, zimekatwa vivyo hivyo, na sauti zake amezifuta. Nimeketi nazo hapa, kila baada ya dakika 10 kuna kauli nisiyoweza kuiamini.