Nimeachwa Ijumaa, nivute karata sasa au nisubiri?

Binti wa Jinja: Jamani habari zenu. Miaka mitatu na huyu mtu imeisha Ijumaa, kwa meseji tu. Nina karata zangu za taroti, zile 78, huwa nasomea wenzangu. Usiku ule ule nikauliza atarudi? Ikatoka Vikombe Sita, wale watoto na vikombe vya maua, nikalia kwa furaha. Saa saba nikauliza tena, Panga Tatu, moyo umechomwa na mvua inanyesha, nikasema hapana sikuchanganya vizuri. Nikavuta tena, Vikombe Vitano, nikazifunga. Nishike ipi, au nivute upya leo?

Kaka Kawempe: Pole sana dada. Mtu akiwa na uchungu hata kwenye mchezo wa karata wa matatu anamaliza hela yote, usicheze sasa.

Binti wa Jinja: Asante kaka, ila hizi siyo za kucheza.

Mama Mbale: Mwanangu, ya kwanza ndiyo jibu, ukirudia umeharibu. Vikombe Sita ni mtu wa zamani anarudi.

Msomaji Ntinda: Mama, kutorudia uko sawa kabisa. Ila Vikombe Sita kwanza ni kumbukumbu, na kwa mtu aliyeachwa siku hiyo hiyo naona ni yeye ndiye anarudi nyuma. Binti, toa ile ya tatu uitazame. Vikombe vingapi?

Binti wa Jinja: Vitatu, vimemwagika.

Msomaji Ntinda: Na nyuma ya huyo mwenye joho jeusi?

Binti wa Jinja: Viwili vimesimama. Wallahi usiku ule sikuviona, na karata hii nimewasomea watu mara nyingi!

Msomaji Ntinda: Ndiyo hivyo. Nzuri uliipokea palepale, mbaya ukalaumu kuchanganya, ukiona unafanya hivyo jua moyo ndio unasoma. Mimi nikiachana na mtu sijivutii mpaka nimelala vizuri siku kadhaa. Ukishindwa kabisa vuta moja, usiulize atarudi, uliza leo nimebeba nini, andika tarehe na vitu unavyoviona kwenye picha kabla hujaandika maana, halafu funga. Daftari ulisome baada ya wiki mbili. Moyo wa huyo mwanaume karata hazitakuonyesha.

Kijana wa Arua: Mimi msomaji aliniambia Vikombe Viwili, mapenzi yapo, nikiwa nimeachwa juzi yake tu. Nikapanda basi mpaka Gulu kumfuata na pesa ya kodi ya nyumba, hakunifungulia hata geti. Sijui alikosea yeye au nilisikia nilichotaka, mpaka leo sijui.

Binti wa Jinja: Pole kaka. Mimi nimempa dada yangu azitunze mpaka mwisho wa mwezi, nimebaki na Vikombe Vitano tu hapa mezani.

Mama Mbale: Usiitenganishe na wenzake mwanangu, mpelekee na hiyo.