Shosho wa miaka 74 anafukuzwa hapa Kaptembwo, ati jamaa za mwenye ploti wanataka nyumba!

Jirani wa Mabati:
Mwenye ploti wetu hana haya hata kidogo. Kuna shosho hapa wa miaka 74, aliingia na marehemu mzee wake kabla ya stima kufika upande huu. Mzee alifariki 2021. Tangu hapo shosho analipa mwenyewe kwa kuuza sukuma getini, 2,300 kila mwezi, na hana deni hata la maji.

Juzi mwenye ploti alimwambia kodi inapanda hadi 4,500. Shosho akamjibu, "Mwanangu, hizo nitazitoa wapi?" Jamaa akaenda zake kimya. Haukupita muda, keateka akaja na ujumbe wa mdomo, karatasi hakuna: shosho atoke mwisho wa mwezi, kuna binamu za mwenye ploti wanatoka Molo na hawana pa kulala. Shosho akasema wana mkataba, ulioandikwa jina la mzee. Keateka akacheka, ati mkataba ulizikwa na mwenyewe.

Sasa sikieni. Jumamosi broka ameleta kijana na mke wake kuangalia chumba, shosho akiwa ndani anachambua mboga! Nikamfuata kijana hadi getini, nikamwuliza kama ni jamaa ya mwenye ploti. Akashangaa. Yeye ametajiwa 4,500 na dipoziti ya mwezi mmoja. Binamu gani huyo anayeletwa na broka? Na kuna chumba karibu na choo kimekaa wazi tangu mvua za Aprili, mbona hao wa Molo wasilale hapo?

Jana keateka ametishia kung'oa mlango. Shosho ameanza kufunga vyombo kwenye magunia, anasema hataki kelele, ataenda kwa kaka yake Nyandarua. Huyo kaka hawajasemezana tangu wagombanie shamba. Tufanye nini? Na msiniambie niongee na mwenye ploti, nimempigia akanitukana.

Omosh wa Kondele:
Akae ngumu! Ukikaa mahali miaka 12 mwenyewe hana lake tena. Hiyo nyumba ni ya shosho.

Karani Mstaafu:
Omosh, utamponza mama wa watu. Hiyo miaka 12 ni ya mtu aliyekalia mali bila ruhusa, mwenyewe akanyamaza. Shosho analipa kodi, na kila anapolipa anakubali kwamba nyumba ni ya mwingine.

Kinachomlinda ni ile 2,300. Nyumba ya kuishi ambayo kodi haizidi 2,500 kwa mwezi iko chini ya sheria ya kodi za nyumba, Sura ya 296, na hiyo inamtambua mjane aliyekuwa akiishi na mpangaji wakati alipofariki. Kwa hivyo hilo la mkataba kuzikwa ni porojo. Mwenye nyumba anaweza kuomba nyumba kwa matumizi ya kwake, lakini sheria inataja yeye mwenyewe, mke, watoto wadogo, au mtu atakayekaa naye. Binamu wa kupewa chumba chao peke yao sioni wanaingilia wapi. Na bado lazima aende tribunali ya kodi apate amri, nao watapima pia kama shosho ana pa kwenda.

Jirani, asikubali 4,500 hata ya mwezi mmoja. Akiilipa, mwenye ploti atasema kodi imepita 2,500 na sheria hiyo haimhusu tena. Aendelee kutuma 2,300 kwa M-Pesa, na ujumbe asifute. Wewe andika jina na nambari ya yule kijana wa Jumamosi. Huyo ndiye shahidi wenu.

Mama Duka:
Hata mimi hapa Kisumu nilitolewa dukani, ati mtoto wake anafungua saluni. Naye nimpeleke huko kwa tribunali ya kodi?

Karani Mstaafu:
Mama, duka lina sheria yake, Sura ya 301, na tribunali yake. Fungua uzi wako tutakujibu, hapa tutachanganya mambo.

Jirani wa Mabati:
Asante, mzee. Kuna kitabu cha risiti tangu enzi za marehemu, kimeliwa na mende pembeni lakini kinasomeka. Shida ni shosho mwenyewe. Anasema kortini huenda wezi.

Kamau Fundi:
Mimi namwelewa shosho. Tuseme ameshinda. Keateka si atamfungia maji? Ataishi hapo vipi?

Karani Mstaafu:
Kumsumbua mpangaji ili ahame ni kosa chini ya sheria hiyohiyo. Akifunga maji, andikeni tarehe na mpeleke malalamiko hukohuko. Lakini kuishi na mtu anayekuchukia ukuta kwa ukuta, kwa umri huo, hilo Kamau sina jibu lake.

Jirani wa Mabati:
Nimemtoa vyombo kwenye magunia, amenigombeza, kisha akapika chai. Kijana wa Jumamosi amekubali kuandika alichoambiwa na broka. Keateka hajaonekana leo. Mlango bado uko.