Databesi ya tera 2.4, mysqldump imenishinda: nihamie bakapu ya faili zenyewe? Na ratiba ya inkrimentali niipange vipi?

mwana_wa_kisauni:
Salaam aleikum jamaa. Niko kampuni moja ya kontena hapa Changamwe, mfumo wetu uko kwa MySQL 8.0.36, tebo zote InnoDB, na databesi ishafika tera 2.4 manake kila kontena ikiguswa yadi lazima iandikwe, nani kaigusa, saa ngapi, imewekwa wapi. Mpaka sahii bakapu yetu ni mysqldump na `--single-transaction`, inaanza saa nne usiku na kesho yake adhuhuri bado inakwenda. Hio ningevumilia, lakini juzi nimejaribu kurudisha tebo moja tu ya giga 310 kwa seva ya majaribio, masaa 19. Tebo moja! Na bosi anataka seva ikifa mfumo urudi ndani ya masaa 8.

Nimejaribu XtraBackup, ile inayonakili faili zenyewe, ikafia njiani ikilalamika ati redo logi imeandikwa juu kabla haijasomwa. Sasa naomba ushauri, niache dampu kabisa nichukue faili zenyewe? Na inkrimentali nifanye kila siku, kila saa, ama vipi? Diski ya bakapu inasoma na kuandika kama mega 300 kwa sekunde.

kijana_tudor:
Bro mysqldump ndio tatizo, sio dampu. Inatumia uzi mmoja tu. Chukua MySQL Shell, `util.dumpInstance` na nyuzi 16, inakata tebo vipande vipande na inabana na zstd, alafu wakati wa kurudisha unaiambia iweke indeksi mwisho. Yale masaa 19 yatashuka sana walahi. Faida nyengine unaweza kuchomoa tebo moja unayotaka, na unaweza kuhamia versheni nyengine bila stres. Mambo ya faili mbichi mimi siyataki, ukikosea kidogo tu imekula kwako. Inkrimentali fanya kila saa uishi na amani.

shee_wa_bamburi:
Mimi bakapu ya simu ilinikataa mwezi uliopita, ilikuwa inasema nafasi hakuna na nafasi iko. Nikafuta picha za zamani ikakubali. Jaribu kufuta zile rekodi za kontena za miaka ya nyuma kaka.

mwana_wa_kisauni:
@shee_wa_bamburi hehe ahsante sheikh, lakini rekodi za zamani forodha wanaweza kuziulizia wakati wowote, siwezi kugusa.

bi_makupa:
Kijana wa Tudor amesema kweli nusu. Dampu ya nyuzi nyingi ina kasi kweli, na masaa 19 mengi yalikuwa ni indeksi kujengwa safu kwa safu, si data yenyewe. Lakini umeuliza inkrimentali, mwanangu, na dampu haina inkrimentali. Itajuaje safu gani zimebadilika tangu jana? Utasema kuna kolamu ya updated_at, haya, na safu iliyofutwa? Haiachi alama yoyote, kwa hivo ukirudisha kontena ilioondoka yadi inafufuka. Kwa hivo kila usiku lazima utoe tera zote mbili na nukta nne upya. Na hapo dampu inashikilia picha moja ya databesi kwa masaa yote hayo, InnoDB haiwezi kusafisha versheni za zamani za safu. Ebu piga `SHOW ENGINE INNODB STATUS` wakati dampu inakwenda, tizama History list length, utaiona inapanda tu. Hio ndio sababu watu wa yadi wanalalamika asubuhi mfumo mzito, kama wanalalamika.

Faili zenyewe zinakuja na indeksi zake zishajengwa. Kurudisha ni kunakili tu, tera 2.4 kwa mega 300 ni kama masaa mawili na robo. Hakuna dampu itakayokupa hio.

Ile ya kufa njiani ni hivi. XtraBackup inanakili faili huku seva inaandika, na pembeni inafuata redo logi ili baadae iziweke sawa. Redo logi inazunguka, ikijaa inaanza tena juu ya ya zamani. Kama haujaigusa, saizi yake ya kawaida ni mega 100, yadi yenye shughuli inaimaliza haraka kabla msomaji hajaifikia. Ipanue, wala huhitaji kuzima seva:

```sql
SET PERSIST innodb_redo_log_capacity = 17179869184;
```

Hio ni giga 16. Na ikiwa una riplika, bakapu ifanyie huko, usiwasumbue walio kazini.

mwana_wa_kisauni:
Bi shukran sana. Na kweli wanalalamika asubuhi, mimi nilidhani ni netiwaki. Riplika tunayo, iko ripoti tu. Nimepanua na fuli imepita bila kufa, alafu nikachukua inkrimentali siku ya pili. Sasa mbona imetoka giga 190? Data mpya kwa siku haifiki hata giga 12. Nimekosea amri?

bi_makupa:
Amri iko sawa. Inkrimentali haihesabu safu, inahesabu peji, na peji ya InnoDB ni kilo 16. Ukibadilisha safu moja ya baiti 200 peji nzima inachukuliwa. Naomba nikisie, praimari kii ya tebo kubwa ni UUID?

mwana_wa_kisauni:
Ndio, UUID, ile ya char(36).

bi_makupa:
Basi ndio hapo. Kila safu mpya inatua mahali pasipojulikana, inachafua peji yake, na kila indeksi ya pili inachafuliwa vilevile. Ingekuwa namba inayopanda, safu mpya zote zingekaa mkiani pamoja na inkrimentali yako ingekuwa ndogo zaidi. Leo usibadilishe kitu, panga ratiba kwa hio 190 ulioiona, sio kwa 12 ya kukisia.

Na hapa ndio najibu ile ya kila saa. XtraBackup ili ijue peji gani imebadilika inasoma zote, inalinganisha LSN ya kila peji, yani namba ya badiliko lake la mwisho, na ya bakapu iliopita. Yani inkrimentali inakupunguzia kuandika, kusoma haikupunguzii. Ukifanya kila saa hujamaliza kusoma tera 2.4 ya saa mbili ushaanza ya saa tatu. Iko njia ya `--page-tracking`, unaweka komponenti ya mysqlbackup kwa seva alafu seva yenyewe inaweka daftari la peji zilizoguswa, lakini hio jaribu pembeni kwanza.

Kazi ya kila saa, hata kila dakika, ni ya binlogi, ile logi seva inaandika kila badiliko la data. Inkrimentali ipo ili binlogi ya kucheza upya isiwe ndefu. Sasa nipe namba mbili: kuunganisha inkrimentali moja na fuli kunachukua muda gani, na binlogi ya saa moja inachezwa kwa dakika ngapi?

mwana_wa_kisauni:
Nimepima kwa seva ya majaribio. Kuunganisha moja kama dakika 25. Binlogi ya saa moja ya mchana, kwa mysqlbinlog kupeleka kwa mysql, dakika 20.

bi_makupa:
Haya tuhesabu kinyumenyume, tuanze na siku ya msiba. Chukulia fuli Jumapili na inkrimentali kila usiku, seva imekufa Jumamosi usiku kabla ya bakapu. Una inkrimentali tano, ni masaa mawili na dakika 5. Kunakili, mawili na robo. Binlogi ya masaa 24 mara dakika 20, masaa 8. Jumla yapita 12, bosi anataka 8.

Punguzo la kwanza: usingoje msiba ndio uunganishe. Kila inkrimentali ikifika iunganishe na fuli hapohapo kwa mashine ya bakapu:

```
xtrabackup --prepare --apply-log-only --target-dir=/bak/fuli
xtrabackup --prepare --apply-log-only --target-dir=/bak/fuli \
  --incremental-dir=/bak/jtatu
```

Ile `--apply-log-only` usiisahau mpaka siku ya kurudisha kikweli. Ukiiacha, inarudisha nyuma transakshoni ambazo hazijakamilika na hapo fuli haipokei inkrimentali nyengine, mnyororo ushakatika. Na kabla ya kuunganisha fungua `xtrabackup_checkpoints`, from_lsn ya mpya lazima iwe sawa na to_lsn ya iliopita. Hasara yake, ukishaunganisha Jumatano huwezi tena kurudi Jumanne, kwa hivo fuli ya wiki iliopita usiifute.

Hio inakuleta masaa mawili na robo, dakika 25, na masaa 8 ya binlogi. Bado yapita 10. Punguzo la pili, inkrimentali mara mbili kwa siku kutoka kwa riplika, saa nane usiku na saa nane mchana. Binlogi inabaki ya masaa 12, yani masaa 4. Jumla masaa 6 na dakika 40.

kijana_tudor:
Bi nakubali ya inkrimentali, nilikuwa sijui inasoma zote. Lakini hio hesabu ni kama kila kitu kimeenda sawa, na pia binlogi ikiwa fupi kuliko mnyororo? Kuna watu wanaishusha `binlog_expire_logs_seconds` kuwa siku moja ili diski isijae. Na mtu akifanya DELETE mbaya, faili zenyewe zinanakili huo ubaya vilevile, kwa hivo dampu ya tebo muhimu bado mimi ningebaki nayo.

bi_makupa:
Hapo uko sawa kijana. Tebo ndogo za bei, wateja, mipangilio, dampu zake ni dakika chache, ziweke kila usiku. Tebo ya giga 310 usiidampu. Binlogi zisikae kwa seva inayokufa, zivute nje moja kwa moja na `mysqlbinlog --read-from-remote-server --raw --stop-never`, ziweke wiki mbili.

Na ile dakika 20 inaweza kushuka. mysqlbinlog inacheza kwa uzi mmoja, ukizigeuza binlogi kuwa relay logi za seva ilioristoiwa, nyuzi za riplika zinazicheza sambamba. Wengine hawaipendi kwa sababu hatua zake ni nyingi usiku wa manane.

mwana_wa_kisauni:
Mimi nitaanza na mara mbili kwa siku kisha nijaribu hio ya relay. Moja ya mwisho, kopi ya pili inatakiwa iwe Nairobi na laini yetu ni megabiti 200. Nikihesabu fuli ni kama masaa 27.

bi_makupa:
Fuli ya kwanza tia kwa diski iliyosimbwa umpe mtu apande nayo treni, masaa matano amefika. Inkrimentali ya giga 190 kwa laini hio ni kama masaa mawili na dakika 7 kabla ya kubana, mara mbili kwa siku zinapita. Tena zile za nusu siku zitakuwa chini ya 190, ingawa si nusu kamili, manake peji ilioguswa asubuhi na jioni inachukuliwa mara mbili. Fuli mpya za kila Jumapili hazimalizi kupita ndani ya siku moja bila kubana, kwa hivo na Nairobi waunganishe huko huko.

mwana_wa_kisauni:
Na kama mnyororo wa Nairobi ukikatika katikati ya wiki, treni tena?

shee_wa_bamburi:
Mimi naenda Nairobi Alhamisi, nipe hio diski.